Kikumbusho Kinacholala Kabla ya Mwenye Simu

Kidonge cha uzazi wa mpango anachopewa mama anayenyonyesha hakitaki mchezo na saa. Kile chenye homoni ya aina moja tu, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Microlut, humezwa kila siku saa ileile, na aliyechelewa kwa zaidi ya saa 3 anahesabiwa kuwa amekiruka. Kama hedhi yake imesharudi, anatakiwa akimeze mara tu anapokumbuka, aendelee na vingine kama kawaida, na kwa siku 2 zinazofuata atumie kinga nyingine, kwa mfano kondomu. Ndiyo maana akina mama wengi hutafuta msaada wa simu. Wanapakua programu ya vikumbusho, wanapanga saa, na wanaanza kuitegemea.

Tuseme mama mmoja wa Mbagala, mwenye mtoto wa miezi 7 na simu ya bei nafuu yenye RAM ya GB 2, amepanga kikumbusho cha saa 3 usiku. Jumatatu kimelia, na Jumanne pia. Jumatano saa 3 imepita kimya, kisha saa 5 alipoinua simu kumjibu mumewe, kikumbusho kikajitokeza kana kwamba ndiyo kwanza saa imefika. Tangu Alhamisi hakuna kilicholia. Jumapili akaifungua programu mwenyewe, akakuta orodha ya siku zote alizopitwa.

Jambo la kwanza analodhani ni kwamba alikosea saa. Si dhana ya kijinga, kwa sababu simu haijui saa 3 usiku, inajua 9:00 PM au 21:00, na wengi wetu tumewahi kuandika 3:00 tukimaanisha saa 3. Anakagua, anakuta yuko sahihi. Dhana ya pili ni kwamba programu ni mbovu. Anaifuta na kupakua nyingine, nayo inafanya kazi siku mbili kisha inanyamaza vilevile. Hapo wengi hukata tamaa. Saa haikuwa na kosa, na huenda hata programu haikuwa nalo. Kilichomnyima kikumbusho ni jitihada za simu kuokoa chaji.

Ili kuelewa inakuwaje, ni lazima kwanza kuacha imani moja iliyoenea sana, kwamba programu ya vikumbusho hukaa macho usiku kucha ikitazama saa. Haikai. Ingefanya hivyo, betri isingefika jioni. Unapopanga saa 3 usiku, programu inaandikisha agizo hilo kwenye mfumo wa Android wenyewe, kisha inalala. Ni kama msafiri wa gesti anayemwachia mlinzi maagizo ya kumgongea mlango alfajiri: daftari liko kwa mlinzi, na msafiri analala bila wasiwasi. Hata programu ikiondolewa kabisa kwenye RAM ili kupisha nyingine, agizo linabaki kwenye daftari, na saa ikifika mfumo huiamsha programu ili ilie.

Kwa hiyo kikumbusho kinaweza kushindwa kwa njia mbili zilizo tofauti sana. Mlinzi anaweza kuchelewa kugonga, au ukurasa wenye agizo unaweza kuchanwa. Mama wetu alipatwa na la kwanza siku ya Jumatano, na la pili kuanzia Alhamisi.

Kuchelewa kunatokana na utaratibu ambao Google iliuleta mwaka 2015 pamoja na Android 6.0, ikauita Doze. Simu ikiwa haiko kwenye chaji, imetulia mahali pamoja na skrini imezimwa kwa muda mrefu, mfumo huacha kutekeleza maagizo moja moja. Huyalimbikiza, kisha hufungua dirisha fupi na kuyatekeleza yote kwa mkupuo. Kadiri simu inavyoendelea kutulia, ndivyo madirisha hayo yanavyozidi kuachana. Sasa fikiria simu iliyowekwa mezani tangu saa 1 jioni kwa sababu mama anaogesha mtoto, anamlisha, anambembeleza. Hiyo ndiyo hali hasa ambayo Doze huisubiri. Alipoinua simu saa 5, skrini iliwaka, simu ikaamka, na agizo la saa 3 likatekelezwa kwa kuchelewa saa 2. Bado alikuwa ndani ya zile saa 3 za kidonge, lakini kwa bahati tu.

Doze yenyewe naiona ni ya haki, kwa sababu imeacha mlango. Aliyetengeneza programu anaweza kuliandikisha agizo kwa uzito tofauti. Agizo la kawaida husubiri dirisha. Liko jingine linaloruhusiwa kupenya hata simu ikiwa imelala, ila kwa programu moja haliwezi kupenya zaidi ya mara moja katika kila dakika 9 hivi, jambo ambalo halimsumbui mtu anayemeza kidonge kimoja kwa siku. Na lipo la tatu, lenye uzito wa saa ya kengele kamili, ambalo hufanya mfumo utoke usingizini wenyewe muda mfupi kabla ya wakati. Hili la tatu huacha alama mtumiaji anayoweza kuiona: picha ndogo ya saa ya kengele hutokea juu ya skrini, karibu na alama ya betri. Ukishapanga kikumbusho, huku alamu zako nyingine zote umezizima, na alama hiyo ikatokea, ujue programu yako imechagua njia iliyo imara zaidi. Isipotokea, si lazima iwe mbovu, lakini inahitaji uangalizi zaidi.

Lipo pia suala la ruhusa. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, programu inayotaka kulia kwa saa kamili inahitaji ruhusa maalumu inayoitwa Alarms & reminders. Kuanzia Android 14, iliyotoka mwaka 2023, programu nyingi zikiwekwa upya kwenye simu hazipewi ruhusa hiyo mpaka mwenye simu aiwashe. Pasipo ruhusa hiyo, kikumbusho chako hugeuka kuwa cha kukadiria, na mfumo utakitekeleza pale unapoona panafaa.

Hayo yote ni ya Android yenyewe, na yako kwenye kila simu, ghali au rahisi. Kwenye simu za bei nafuu kuna tabaka la pili juu yake, ambalo kila kampuni hujiwekea. Sababu zake zinaeleweka. Simu yenye RAM ya GB 2 hulemewa haraka, na mwenye simu akiona inakwama haulizi mengi, anasema simu ni mbovu. Halafu kuna chaji. Mtu anayechajia simu kwenye kibanda kwa kulipia, au anayeishi mahali umeme unapokatika mara kwa mara, ananunua simu kwa kuuliza inakaa na chaji siku ngapi. Kampuni inayoandika 5000 mAh kwenye boksi inajua kwamba jirani yake naye ameandika hivyohivyo, basi hushindana kwa kubana programu. Hakuna anayerudisha simu dukani kwa sababu kikumbusho hakikulia, maana lawama humwendea aliyetengeneza programu. Urbandroid, kampuni ya Kicheki inayotengeneza programu ya kuamsha watu iitwayo Sleep as Android, ilichoka kubeba lawama hizo hadi ikaanzisha mradi wa Don't Kill My App, unaozipanga kampuni za simu kulingana na ukali wa ubanaji wao na kueleza jinsi ya kuulegeza katika kila aina.

Katika tabaka hili ndimo ukurasa unapochanwa. Kwenye mipangilio ya kila Android kuna kitufe kiitwacho Force stop. Sheria yake ni kali: programu iliyosimamishwa kwa kitufe hicho hufutiwa maagizo yake yote ya saa, na haitaamka tena mpaka binadamu aiguse na kuifungua. Kitufe hicho kina kazi njema, kwa kuwa ndicho kinachokuwezesha kuinyamazisha programu korofi. Shida ni kwamba vifaa vya usafishaji vinavyokuja na simu vimepewa mamlaka hayohayo, na huyatumia usiku bila kumwambia mwenye simu. Programu za kusafisha unazopakua mwenyewe hazina nguvu hizo kirahisi. Zile zilizozaliwa na simu ndizo zenye nguvu.

Yako pia mazoea yetu wenyewe. Wengi tumefundishwa kwamba kila baada ya kutumia simu ufungue orodha ya programu zilizo wazi na kuzifuta zote kwa mguso mmoja, ili simu iwe nyepesi. Kwenye Android isiyochakachuliwa, kuisukuma programu nje ya orodha hakufuti agizo lake la saa. Kwenye simu kadhaa za bei nafuu, mguso huohuo una nguvu sawa na Force stop. Mama wetu alisafisha simu Jumatano usiku baada ya kuongea na mumewe, kama afanyavyo siku zote. Tangu hapo hapakuwa na agizo lolote la kutekelezwa, na programu ilikuwa imekatazwa kuamka. Ndiyo maana Jumapili, alipoifungua kwa mkono wake, ilishtuka na kuonyesha siku zote zilizopita.

Linaloniudhi katika haya ni ukimya wake. Simu inayojua kwamba imefuta kengele 4 za dawa ingeweza kuandika sentensi moja kwenye skrini. Haiandiki, na mtu anabaki kujilaumu.

Kwa kuwa simu haisemi, dalili ndizo zitakazosema. Ukikuta kikumbusho kinatokea papo hapo unapowasha skrini au kuchomeka chaji, agizo lipo na limecheleweshwa tu. Kikiwa hakitokei hata ukitumia simu saa nzima, na kinarudi baada tu ya kuifungua programu yenyewe, agizo limefutwa. Kikiwa kinatokea kwa saa sahihi kama maandishi lakini hakina mlio, basi tatizo halihusiani na betri. Nenda kwenye arifa za programu hiyo uangalie sauti yake, na uhakikishe hukuwasha hali ya kutosumbuliwa. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, arifa nazo zinahitaji ruhusa, na ni rahisi kugusa kukataa siku ya kwanza bila kusoma.

Sasa turekebishe simu ya mama huyu. La kwanza ni jepesi, na kwa dawa ningelifanya kabla ya yote: afungue programu ya saa iliyokuja na simu, apange alamu ya 9:00 PM inayojirudia kila siku, na aiandikie jina, kwa mfano KIDONGE. Programu ya saa iliyozaliwa na simu kwa kawaida haiguswi na wasafishaji, na huandikisha agizo lake kwa uzito ule wa juu kabisa. Haitamwekea rekodi ya vidonge alivyomeza wala kumhesabia pakiti imebaki na vingapi. Kazi yake ni kulia, na italia.

Akitaka kubaki pia na programu yake, kwa sababu ya rekodi hizo, basi aitoe kwenye ubanaji peke yake. Asizime uokoaji wa chaji wa simu nzima. Ushauri huo hutolewa mara nyingi na ni mbaya, maana simu itaisha chaji jioni, na simu iliyozimika haimkumbushi mtu chochote. Programu moja ya vikumbusho iliyoachwa huru haili chaji ya kuonekana, kwa kuwa muda wote imelala. Kinachoongezeka ni kuamshwa mara moja kwa siku.

Hatua zinaanzia kwenye mipangilio. Majina nayaandika kama yanavyosomeka simu ikiwa kwa Kiingereza, na yanaweza kutofautiana kidogo kutoka toleo hadi toleo:

```
Settings > Apps > (jina la programu) > Battery > Unrestricted
Settings > Apps > Special app access > Alarms & reminders
```

Kwenye mstari wa kwanza atakuta chaguo tatu, na simu huwa imeshika ile ya katikati, Optimized. Abadilishe iwe Unrestricted. Kwenye mstari wa pili atafute jina la programu yake na kuwasha ruhusa. Akiwa bado kwenye ukurasa wa programu, ashuke chini mpaka kwenye swichi ya Pause app activity if unused, aizime. Swichi hiyo huilaza programu isiyofunguliwa kwa miezi kadhaa na kuinyang'anya ruhusa zake. Mtu anayekisukuma kikumbusho pembeni kila usiku bila kukigusa, mfumo humhesabu kuwa haitumii programu hiyo. Akigusa kitufe cha kuthibitisha kwamba amemeza, hapo ndipo anahesabiwa kuwa ameitumia.

Kisha lije tabaka la kampuni. Kwenye Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za Transsion, aingie kwenye Phone Master na kutafuta usimamizi wa programu zinazojiwasha zenyewe, airuhusu programu yake kujiwasha. Kwenye Redmi na nyingine za Xiaomi jambo hilo huitwa Autostart, na ubanaji wa betri wa programu husika huwekwa No restrictions. Kwenye Samsung za tabaka la chini, kama zile za A, aende sehemu ya betri, kwenye Background usage limits, aitoe programu kwenye orodha za Sleeping apps na Deep sleeping apps na kuiweka kwenye ile ya programu zisizolala kamwe. Ya Samsung ndiyo yenye kunasa zaidi, kwa kuwa programu usiyoifungua kwa siku kadhaa inaweza kurudishwa usingizini bila wewe kuamua.

Halafu liko lile la orodha ya programu zilizo wazi. Simu nyingi za aina hii hukuwezesha kuifungia programu isifutwe: unaifungua orodha, unaibonyeza kwa muda programu yako au kuivuta kidogo chini, na alama ya kufuli inatokea. Yenye kufuli hubaki hata ukifuta zote. Ni kitendo cha sekunde chache, na kwa mtu aliyezoea kusafisha simu kila usiku ndicho kinachoweza kumwokoa kuliko vyote.

Baada ya hapo ajaribu, na hapa wengi hujidanganya. Mtu hupanga kikumbusho cha dakika 5 mbele, anakaa ameshika simu, kinalia, anaridhika. Jaribio hilo halipimi kitu. Programu imetoka kufunguliwa muda huohuo, skrini inawaka, na hakuna msafishaji aliyepita. Jaribio la kweli hufanyika usiku. Apange kikumbusho cha saa 10 alfajiri, yaani 4:00 AM, afute orodha ya programu kama afanyavyo siku zote, aiweke simu mezani bila chaji tangu saa 3 usiku, na asiiguse. Ikilia, arudie usiku wa pili na wa tatu bila kuifungua programu katikati, kwa sababu kasoro hizi hupenda kujificha siku za mwanzo, wakati mfumo bado unaiona programu kuwa mpya na yenye kutumika. Mtu mwingine nyumbani akiambiwa asiichomeke chaji kwa huruma, jaribio litakuwa safi zaidi, maana Doze haiingii simu ikiwa kwenye umeme.

Yapo mazingira ambayo hata baada ya haya yote kikumbusho kinaweza kupotea. Moja ni hali ya kubana chaji kabisa, ile ambayo skrini hugeuka nyeusi na kubakiwa na programu chache ulizochagua. Ukiiwasha kwa sababu imebaki asilimia 5, hesabu kwamba umezima na vikumbusho vyote visivyo vya saa ya simu yenyewe. Jingine ni kusasisha mfumo. Simu ikishapokea toleo jipya, mipangilio ya kampuni wakati mwingine hurudi kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo siku hiyohiyo pitia tena hatua zile na uangalie kama Unrestricted bado ipo.

La mwisho ni simu kuzimika. Maagizo ya saa hayabaki kwenye daftari simu inapozimwa. Kila programu hutakiwa kuyaandikisha upya simu inapowaka, na ile iliyokatazwa kujiwasha haipati nafasi hiyo. Hata iliyoruhusiwa, mara nyingi husubiri mpaka mwenye simu aweke namba ya siri kwa mara ya kwanza tangu simu ilipowaka. Kwa hiyo simu iliyozimika kwa chaji jioni, ikawashwa na mtoto na kuachwa mezani bila kufunguliwa namba ya siri, haitamkumbusha mama kidonge chake saa 3. Vitochi vingi vya Nokia vya zamani vilikuwa vikijiwasha vyenyewe na kulia alamu hata vikiwa vimezimwa, ilimradi betri ina chembe ya chaji, na mwenye kitochi cha namna hiyo kabatini anaweza kukipa kazi ya kidonge moja kwa moja. Asiye nacho, kila simu inapowaka upya aweke namba ya siri papo hapo, afungue programu ya vikumbusho mara moja, aangalie kama saa ya kikumbusho kinachofuata inaonekana, kisha ndipo aiweke simu chini.